Chaja Ikisema FULL Kabla Chai Haijapoa

Wadogo zangu mnaochaji betri hapa Kigoma, huku Kibirizi na kule Katonga, naandika haya kwa upendo lakini pia nimechoka. Kila mbalamwezi ikiisha na wavuvi wa dagaa, wanaovua kwa taa usiku wa giza, wakianza kurudi majini, naona kosa lilelile: betri ya N70 inafungwa kwenye chaja ya kisasa, baada ya dakika kumi taa ya kijani inawaka, skrini inaandika FULL, na dogo anamwita mwenye mali aje achukue. Usiku taa zinazimika ziwani, asubuhi ugomvi unaanza, na dogo anaapa kwamba chaja ni mbovu. Chaja ni nzima. Imefanya kazi yake kama ilivyoundwa.

1. Piga hesabu kabla ya kuamini taa.

N70 ina ampea-saa 70. Ikija nusu tupu inadai 35. Chaja yako inatoa ampea 6, kwa hiyo dakika kumi zimeingiza ampea-saa 1 tu. Nyingine 34 zimetoka wapi? Hili halihitaji multimita, linahitaji darasa la tano.

Jiulize basi chaja imeonaje imejaa. Haina macho ya kuona ndani ya seli. Inasukuma ampea zake huku ikiangalia volti, zikifika 14.4 inazishikilia hapohapo na kusubiri ampea zishuke. Zikishuka hadi kidogo kabisa, inahesabu kazi imekwisha. Kwa betri nzima mantiki hiyo ni sawa. Lakini betri iliyokaa na njaa kipindi chote cha mbalamwezi, plati zake zimeota salfeti ngumu, ile nyeupe-nyeupe unayoiona ukichungulia kwenye tundu kwa tochi. Salfeti ile haipitishi umeme vizuri. Ukisukuma ampea 6 kwenye plati zilizozibwa, volti zinaruka hadi 14.4 papo hapo, ampea zinaanguka, na chaja inatangaza ushindi. Imekutana na ukuta ikadhani imefika mwisho wa njia.

2. Usichanganye na ile inayokata "tak".

Chaja ya zamani ya transfoma ikikata tak, ikapoa, ikarudi, ikakata tena, hiyo ni habari nyingine kabisa. Hapo ampea ni nyingi mno, siyo chache. Mara nyingi seli moja imepiga shoti: betri inasimama kwenye volti 10.5 hivi hata uichaji kutwa, seli tano zinatoa mapovu na moja imenyamaza. Hiyo usiihangaikie, mwambie mwenyewe anunue nyingine. Lakini kabla hujaihukumu, angalia kwanza kama hujagusanisha vibanio, maana nimeshaona.

Na chaja ya kisasa isiyowaka kabisa kwa sababu betri imeshuka mno, iazime volti: unganisha betri nzima sambamba, chanya kwa chanya, kwa dakika chache, kisha iondoe.

3. Haidromita kwanza, na msiguse asidi.

Hapa nitakaa kidogo, kwa sababu hapa ndipo nilipoaibika.

Nilipokuwa mgeni kwenye kazi hii, mzee mmoja mvuvi aliniletea betri ya taa zake za dagaa. Chaja ikasema FULL upesi. Nilikuwa nimefundishwa haidromita, kile kipimo cha uzito wa asidi, nikapima: seli zote zilicheza kwenye 1.150. Betri iliyojaa ingesoma 1.250 au zaidi. Nikajiona mjanja. Kama kipimo kinasema asidi imepungua, si niongeze asidi? Nikanyonya maji kidogo kila seli, nikajaza asidi ya dukani, nikachaji tena kidogo, nikapima. 1.250 seli zote sita! Multimita nayo ikasoma volti 12.5 baada ya kupumzika. Vipimo viwili vinakubaliana, nani angebisha? Nikapokea hela yangu.

Kesho yake mzee akaja na betri mabegani mwa kijana wake. Hakupiga kelele, na hilo ndilo liliniuma zaidi. "Fundi, mwanangu, taa zimetufia dagaa wakiwa wameshajikusanya chini ya mtumbwi. Wametawanyika. Usiku wote wa watu wangu umekwenda." Nikajaribu kumwonyesha haidromita. Akaniangalia tu.

Nilichokuwa sijaelewa ni hiki. Asidi haikuwa imepotea. Betri inapotumika, asidi inaingia kwenye plati na kuwa salfeti. Unapochaji, inarudi kwenye maji. 1.150 ilikuwa inaniambia kwamba asidi bado imekwama kwenye plati. Mimi nikamwaga nyingine juu yake, nikaharibu ushahidi wote kwa mkupuo. Hata multimita nilikuwa nimeihonga, kwa sababu volti za betri iliyopumzika zinafuata uzito wa asidi: chukua namba ya haidromita, ongeza 0.84, zidisha kwa 6. 1.150 inakupa 11.94. 1.250 inakupa 12.54. Nilipima asidi niliyoimwaga mwenyewe, plati sikuzipima kabisa.

Balaa halikuishia hapo. Nilipoichaji baadaye polepole, sehemu ya salfeti ililegea na asidi yake ya asili ikarudi. Haidromita ikapanda kupita 1.300. Asidi kali namna hiyo inakula plati. Baada ya muda maji ya seli yakawa ya kahawia kama matope ya mto Ruiche wakati wa masika. Nililipa betri ya watu. Kinachopungua kwenye betri ambayo haijamwagika ni maji, na kinachoongezwa ni maji ya betri yasiyo na asidi, basi.

Kipimo ambacho kingeniokoa ni balbu ya taa kubwa ya gari, ya wati 55. Ifunge kwenye betri huku multimita imeshika vichwa. Betri nzima inateremka kidogo na kutulia juu ya 12. Yenye salfeti inaporomoka mbele ya macho yako, hata kama mwanzo ilisoma 12.5.

4. Kuifufua.

Inawezekana kama salfeti haijakaa sana. Itoe kwenye chombo au gari, iweke penye hewa, legeza vifuniko, sigara mbali. Tumia chaja ya transfoma, upitishe waya mmoja kwenye balbu ya indiketa ya wati 21 ili ampea zibaki karibu na 1. Mwanzoni volti zitapanda hadi 15 na kitu. Usiziache zipite 16. Ukigusa boksi likakuunguza, zima.

Kisha subiri, na hapa ndipo vijana mnaposhindwa. Andika haidromita ya kila seli ubavuni kwa chaki, asubuhi na jioni. Ikipanda kutoka 1.150 kwenda 1.170, halafu 1.190, plati zinaachia, endelea. Ikigoma palepale kutwa na kucha huku mapovu yakitoka, umeme wako unachemsha maji tu. Seli moja ikibaki nyuma ya wenzake kwa 0.050, usimuuzie mtu matumaini. Betri zilizozibwa na za jeli msizifanyie haya, hamna pa kuzijazia maji.

5. Mwambie mvuvi alete betri siku anayopandisha mtumbwi, siyo siku anayoushusha. Mimi siku hizi nachaji kwa bei ya chini zikija mwanzo wa mbalamwezi. Wenzangu wananicheka, lakini zamu ya giza ikianza mimi nalala.