Transmita inasoma hasi tangi likiwa tupu

*Fundi, tangi letu lililofungwa lina maji ya moto na mvuke juu yake. Matundu mawili ya kupimia yameachana mita 2, na transmita ya tofauti ya presha iko nusu mita chini ya tundu la chini. Vibomba vyote viwili vimejaa maji. Tangi likiwa tupu inasoma hasi milimita 2,000. Nibonyeze kitufe cha sifuri?*

Usibonyeze. Transmita yako inasema kweli. Upande wa H, unaotoka tundu la chini, unabeba nusu mita ya maji, yaani milimita 500. Upande wa L unabeba kibomba kizima kinachotoka juu, milimita 2,500. Ukitoa, unabaki na hasi 2,000. Presha ya mvuke yenyewe inasukuma pande zote mbili sawasawa, kwa hiyo inajifuta.

Sasa lijaze tangi. Maji yenye joto la nyuzi 170 hivi yana uzito wa karibu 0.9 ya maji baridi, hivyo mita 2 zake ni milimita 1,800 za safu ya maji. Upande wa H unafika 2,300, na tofauti ni hasi 200. Basi weka mkondo wa transmita uwe 4 mA kwenye hasi 2,000 na 20 mA kwenye hasi 200. Nusu tangi itakuwa hasi 1,100, na utaona 12 mA.

Kule kuanzia chini ya sifuri wengi hukuita kuinua sifuri. Kukandamiza sifuri ni kinyume chake: kibomba cha juu kingekuwa kikavu, ungeanzia chanya 500 na kuishia chanya 2,300. Watengenezaji hawakubaliani juu ya majina haya, kwa hiyo kwenye karatasi ya kazi andika namba zenyewe pamoja na alama yake.

Cha kuogopa zaidi ni kibomba cha juu kupoteza maji. Kikipungua milimita 300, tofauti inapanda kwa 300, na kati ya 1,800 hiyo ni karibu asilimia 17. Tangi lililo nusu litaonyesha asilimia 67, na pampu itapunguza maji wakati tangi linaendelea kukauka. Ukiona transmita inapanda huku kioo cha kina kimetulia, shuku kibomba hicho kwanza: valvu inayovuja, au kilichobaki bila kujazwa baada ya matengenezo.

Ukitaka kuhakiki sifuri ya kihisio, funga kwanza valvu zote mbili za kuzuia kati ya vibomba na transmita, ndipo ufungue ile ya kusawazisha inayounganisha H na L. Zikiwa wazi zote tatu kwa pamoja, maji ya kibomba cha juu yatakimbilia tangini na utalazimika kukijaza upya. Skrini ikiwekwa isome tofauti ya presha, sasa inapaswa kuonyesha 0. Mkondo utakuwa umepita 20 mA, na hapo hakuna hitilafu, kwa sababu 0 iko juu ya hasi 200. Kama haisomi 0, hapo ndipo kitufe cha sifuri kina kazi.