Shawa ya umeme na maji ya chumvi: yaliyonikuta Raskazone

"Wakuu, niko Tanga, natumia maji ya kisima na tangi liko juu ya paa. Nifunge shawa ya umeme au hita ya sola? Naogopa shoti."

Mkuu, onja maji yako kwanza. Kisima changu Raskazone kina chumvichumvi, nami nikafunga shawa ya bei rahisi ambayo elementi yake ni waya mtupu, umelala ndani ya maji. Kila ukifungua, RCD, kile kifaa kinachokata umeme ukivuja, inakata. Fundi akasema "hii RCD ni bovu", akaunganisha nyaya bila kuipitia, halafu akaukata waya wa ethi na kuufunga selotepu. Kweli, haikukata tena. Wiki hiyohiyo mama mkwe akatoka bafuni na khanga yake: "Baba, bomba lenu linang'ata!"

RCD haikuwa bovu. Maji ya chumvi hupitisha umeme vizuri kuliko maji baridi ya mvua, kwa hiyo ulikuwa unavuja kutoka kwenye elementi kupitia maji hadi ethi, na RCD ikafanya kazi yake. Ethi ilipokatwa, njia iliyobaki ni mtu anayeoga. Kwa maji kama hayo tafuta shawa ambayo elementi yake imefunikwa ndani ya bomba la chuma. Ni ghali zaidi, lakini maji hayagusi waya wenyewe.

La pili ni presha. Ndani ya shawa kuna mpira unaosukumwa na maji ndipo umeme uwake. Maji yakiwa hafifu, mpira hausukumwi sawasawa, viunganishi vinagusana nusunusu na kutoa cheche, hadi plastiki inayeyuka. Chukua jagi la lita 1 uhesabu. Langu lilijaa kwa sekunde 20, yaani lita 3 kwa dakika. Kwa kasi hiyo kilowati 3 zinapandisha joto kama nyuzi 14, kwa hiyo maji ya nyuzi 27 yanafika 41, ya kuogea. Ukiwasha kilowati 5.5 yanapanda nyuzi 26, utaungua. Huku kwetu hatua ya chini inatosha, mambo ya Lushoto kwenye baridi ni mengine.

Sola ni salama zaidi kwa shoti, lakini ile ya kawaida isiyo na presha inataka tangi la maji baridi liwe juu kuliko tangi la hita. Lako limekaa juu ya paa, na hita nayo hukaa hapohapo juu ya paa, hivyo ungelazimika kulijengea mnara. Chumvi nayo inakula matangi yake. Mimi niliachana nayo.

Sasa nina shawa ya elementi iliyofunikwa, laini yake peke yake kutoka meni swichi kwa waya wa milimita 6, breka ya 32A, na RCD ya 30mA imerudi mahali pake. Kila mwezi nabonyeza kitufe cha T. Ikigoma kukata, siku hiyo tunaoga kwa ndoo.