Milioni 2.8 hukuzitaja, mwanangu

*Shikamoo Shangazi. Nina miaka 36, naishi Ngamiani, Tanga, na mke na watoto wawili. Nabuni nembo na mabango kwa kompyuta, sijaajiriwa, nalipwa kwa kazi. Kampuni moja ya Dar nimeifanyia kazi ya shilingi 2,400,000, wao hulipa siku 60 baada ya ankara. Hapa katikati nimepungukiwa 1,200,000: kodi ya fremu, ada za shule na matumizi ya nyumbani. Benki imenipa njia mbili. Ovadrafti, yaani kuchota zaidi ya kilichomo kwenye akaunti, yenye kikomo cha 1,200,000, riba asilimia 22 kwa mwaka na ada ya asilimia 2. Au mkopo binafsi wa 4,000,000, riba asilimia 18, miezi 24, dhamana hati ya nyumba yetu. Mkopo una riba nafuu, lakini mke wangu kagoma kusaini. Kila nikimweleza ananijibu, "Lile la mwaka jana limeisha?" Ananirudisha nyuma. Nifanyeje aelewe?*
*Baba wawili, Ngamiani*

Marahaba, mwanangu. Kumaliza kazi ya watu kisha ukakaa unahesabu siku, huku mwenye fremu anapita mlangoni kila asubuhi, kunauma. Pole.

Lakini barua yako nimeisoma mara tatu, na kila mara jicho limesimama palepale. Umepungukiwa 1,200,000, unataka kukopa 4,000,000. Hizo 2,800,000 za juu ni za nini? Hukuandika neno. Aliyenijibu ni mkeo, kwa yale maneno yake matano. Basi niseme wazi: mimi niko upande wake.

Asilimia 18 imekudanganya macho. Riba hulipwa kwa fedha uliyoshika na kwa siku ulizoishika. Chukua ovadrafti: tuseme unachota 600,000 leo na 600,000 nyingine baada ya mwezi, kisha siku ya 60 mteja analipa. Riba huhesabiwa kila siku kwa kile ulichochota tu, kwa hiyo itakuwa kama 33,000. Ongeza ada ya kikomo, 24,000. Jumla 57,000, na deni limekwisha. Sasa geukia mkopo wako wa riba nafuu. Riba ya mwezi wa kwanza peke yake ni 60,000. Mwezi mmoja wa mkopo umeshapita gharama yote ya ovadrafti, na bado una miezi 23 ya kulipa 199,700 kila mwezi, kazi ipo au haipo. Mpaka umalize, riba itakuwa karibu 793,000. Hapo nimehesabu riba ya salio linalopungua. Kama ni riba ya mkupuo, inayopigwa kwenye 4,000,000 zilezile hadi mwisho, itafika 1,440,000. Uliuliza ni ipi?

Hata hivyo usikimbilie kusaini ovadrafti. Inamfaa mwenye pengo, haimfai mwenye shimo. Pengo lina ng'ambo: fedha yako ipo, imechelewa tu. Shimo ni pale matumizi yanapozidi mapato mwezi baada ya mwezi, na kila kazi unayolipwa inafukia la jana.

Nina jirani, mpiga picha za harusi. Alipewa ovadrafti ya 2,000,000 imvushe Ramadhani, maana mwezi huo harusi hakuna. Harusi zilirudi, fedha ikaingia, ovadrafti ikaimeza, naye akaichota tena wiki ileile kwa sababu nyumbani hakukuwa na kitu. Alinionyesha taarifa yake ya benki. Ile safu ya mwisho, ya salio, ilikuwa na alama ya kutoa kuanzia juu ya ukurasa hadi chini, miezi kumi na moja, haikugusa sifuri hata siku moja. Mwaka ulipoisha benki haikumwongezea muda, ikataka fedha yote. Mikataba ya ovadrafti huipa benki haki ya kuidai yote wakati wowote. Aliuza kamera, mwanangu, chombo kilichokuwa kinamlisha.

Kwa hiyo nenda ukachukue taarifa yako ya miezi 12 na uitazame safu hiyohiyo. Ikiwa akaunti hushuka kisha ikapanda juu na kukaa juu wiki mbili tatu kabla ya kushuka tena, una pengo, na ovadrafti itakufaa. Ikiwa kila fedha inayoingia inaisha ndani ya siku tatu kwa kulipa watu, una shimo. Nahisi mkeo hana haja ya kutazama taarifa hiyo, anaijua kwa kutazama sufuria.

Tena hakikisha pengo lenyewe ni la kweli. Umeandika umemaliza kazi, hukuandika kwamba umepeleka ankara. Siku 60 hazihesabiwi tangu ulipofunga kompyuta. Piga simu kitengo cha uhasibu, si kwa yule rafiki aliyekupa kazi, uulize ankara imepokelewa na kuidhinishwa tarehe gani. Na hutapata 2,400,000. Kampuni hukata kodi ya zuio ya asilimia 5 kwenye malipo ya huduma, yaani 120,000, ubaki na 2,280,000. Ovadrafti ikishachukua chake na riba yake, mkononi utabaki na kama 1,047,000. Hiyo ndiyo ya kuishi mpaka kazi nyingine ilipe. Kama haitoshi, pengo lako limesogea tu. Wakichelewa miezi miwili zaidi, ongeza riba ya kama 43,000, hapo bado unahimili.

Kuhusu lile la mwaka jana. Kaa na mkeo, mtajie deni lote kwa shilingi, na yale ya kwenye simu yanayokatwa kidogo kidogo. Siku hizi watu wanalala kitanda kimoja na kila mmoja ana nywila yake na madeni yake, halafu mwenzake anaitwa mkaidi siku anayoletewa karatasi ya kusaini. Wazee walisema kukopa harusi, kulipa matanga, na wewe harusi ulikwenda peke yako, matanga ndiyo unamwalika.

Deni hilo la zamani ndilo linalostahili mkopo wa marejesho ya kila mwezi, kwa sababu marejesho hupunguza deni lenyewe, wakati ovadrafti hukuacha ulipe riba tu na deni likae. Lakini ombeni kiasi cha deni hilo tu, bila nyumba ndani yake. Na rejesho lipimwe kwa mwezi uliopata kidogo kuliko yote mwaka huu. Ukipima kwa mwezi ulionona, mwezi wa pili utakwama.

Na hiyo saini, usimlazimishe. Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971, kifungu cha 59, hairuhusu nyumba ya ndoa iwekwe rehani bila ridhaa ya mwenza. Kukataa kwake si ukaidi, ni haki yake, na kwa sasa ndiko kunakoshikilia paa la wanao. Kama hati umeshaitoa kwenda kuwaonyesha benki, irudishe kabatini leo, naye akuone ukiirudisha. Ndipo mzungumze hizo 2,800,000.