Jibu: Maoni ya ripoti kwa aliyepata alama za chini

"Mwanafunzi wangu kapata 34 hisabati. 'Ongeza bidii' nimechoka kuiandika. Niseme nini bila kudanganya wala kumvunja moyo?"

Mwalimu, kabla hujaandika, fungua karatasi yake ya mtihani uone alama zimepotelea wapi. Tuseme kwenye 1/2 + 1/3 ameandika 2/5, na maswali mengine ya sehemu kayafanya vivyo hivyo. Hapo tatizo si uvivu: anajumlisha kiasi kwa kiasi na asili kwa asili. Ukimwambia aongeze bidii, atarudia kosa lilelile kwa bidii zaidi!

Mimi ningeandika: "Anazidisha na kugawanya namba nzima kwa usahihi, na huonyesha njia. Alama nyingi zimepotea kwenye kujumlisha sehemu, kwa kuwa hasawazishi asili kwanza. Likizoni afanye maswali mawili kila siku, akianza na hatua hiyo."

Sifa iwe ya kitu ulichokiona kwenye karatasi. Kama njia haonyeshi, usiiandike. Alama 34 tayari ipo kwenye ripoti, huna haja ya kuirudia kwa maneno makali. Ukimaliza, jaribu kuyahamishia maoni hayo kwa jirani yake. Yakimfaa bila kubadilisha neno, yafute uandike upya.