GPA ya 4.08 kwa kipimo cha 5 ni ngapi kwa kipimo cha 4?

Swali: Nina GPA ya 4.08 kwa kipimo cha 5. Naomba shahada ya uzamili nje ya nchi na fomu inataka GPA ya kipimo cha 4. Nizidishe kwa 4 nigawanye kwa 5, nipate 3.26? Mwenzangu anasema nitoe 1 tu, iwe 3.08. Nani yuko sahihi?

Jibu: Kabla ya kukokotoa chochote, angalia ukurasa wa nyuma wa transkripti yako, mahali panapoeleza kila gredi ina pointi ngapi. Vipimo vya 5 si vya aina moja, na hapo ndipo jibu lilipo.

Tuseme transkripti yako inasema A ni 5, B ni 4, C ni 3, D ni 2 na F ni 0. Ulisoma krediti 12: A katika krediti 3, B katika 7 na C katika 2. Pointi ni 15 + 28 + 6, yaani 49. Gawanya kwa 12, unapata 4.08. Sasa zipe gredi hizohizo pointi za kipimo cha 4 kilichozoeleka, ambacho A ni 4, B ni 3 na C ni 2. Jumla inakuwa 12 + 21 + 4 = 37, na wastani ni 3.08. Hapa mwenzako amepatia, kwa kuwa kila gredi imepungua pointi moja kamili. Lakini ukiwa na F hata moja kanuni yake inavunjika, maana sifuri haipungui.

Vyuo vingine hutumia kipimo ambacho A ni 5, B+ ni 4 na B ni 3. Mwanafunzi mwenye A katika krediti 3, B+ katika 7 na B katika 2 naye ana 49 kwa 12, yaani 4.08 ileile. Kwa kipimo cha 4, B+ kwa kawaida ni 3.3 na B ni 3, hivyo anapata 41.1 kwa 12, karibu 3.43. Ile 3.26 ya kuzidisha ingempunja, na wewe wa mfano wa kwanza ingekupandisha isivyo haki.

Kwa hiyo badilisha kozi moja moja kwa gredi na krediti zake. Chuo unachoomba kikiwa na jedwali lake, fuata hilo, hata kama linakupa namba ndogo zaidi.

Soma pia maelekezo ya fomu kwa makini. Fomu nyingi huwa na sehemu ya kutaja kipimo, au hukataza kabisa kubadilisha. Hapo andika 4.08 / 5.00 kama ilivyo kwenye transkripti. Sehemu hiyo ikikataa namba inayozidi 4, waandikie ofisi ya udahili uwaulize wanataka nini. Wasipojibu kabla ya siku ya mwisho, jaza uliyokokotoa, kisha kwenye maelezo ya ziada taja GPA halisi, kipimo chake na njia uliyotumia, ili msomaji wa transkripti asione namba mbili zinazogongana bila sababu.