Jibu: Maneno ya kuweka badala ya "mwenye shauku" kwenye wasifu

"Nimeambiwa nifute 'mwenye shauku' na 'anayezingatia matokeo' kwenye wasifu wangu. Mimi ni mtunza stoo. Nikiyatoa si nitaonekana mnyonge?"

Habari ndugu. Hutaonekana mnyonge, ila usitafute sifa nyingine ya kuziba pengo. Ukiweka "mchapakazi" au "mwenye ari" umerudi palepale, maana hata asiyewahi kushika leja anaweza kujiandikia hivyo.

Anza kwa kujiuliza: mkono wangu ulibadilisha nini pale stoo? Mimi nilitunza stoo ya vifaa vya ujenzi, na wasifu wangu ulianza hivi: "Mtunza stoo mwenye shauku na anayezingatia matokeo." Niliifuta nikaandika: "Nimetunza stoo ya vifaa vya ujenzi kwa miaka 3. Nilianzisha kuhesabu mzigo kila Jumamosi badala ya mwisho wa mwezi, na saruji inayopotea ikashuka kutoka mifuko 12 hadi 2 kwa mwezi." Hakuna sifa hata moja hapo, lakini anayesoma anaona mtu anayejua kazi.

Angalia na vitenzi. "Nilihusika katika kupokea mzigo" ni kujificha. Sema "nilipokea", "nilikagua", "nilifunga hesabu". Kama mlikuwa wawili, andika mlikuwa wawili.

Huna takwimu? Usibuni, kwa sababu kwenye usaili utaulizwa ulihesabuje. Taja ukubwa wa kazi: aina ngapi za bidhaa, magari mangapi kwa wiki, nani alikukabidhi funguo.

Neno likiwa limeandikwa kwenye tangazo lenyewe la kazi, libakize mara moja, kisha uweke tukio la kulithibitisha papo hapo.