Bando lilikwisha siku ya pili

Swali la wiki: "Bando ni ghali na linakatika pasipotarajiwa. Wewe unayesoma, au unayesomesha mtu nyumbani, unafanyaje masomo yasisimame?"

Nina duka dogo la fotokopi na kuchapa Langoni, mjini Lamu, kando ya Usita wa Mui. Mtoto wa dada yangu anasomea uuguzi, na likizo hurudi kwao Kizingitini. Mwaka jana alinipigia simu siku ya pili tu tangu ashuke mashuani: "Mjomba, shikamoo. Lile bando la GB 1 limekwisha." Nikamuuliza amefungua nini. Akasema mihadhara miwili ya video kuhusu moyo, basi.

Hakuwa amefuja. Tulipiga hesabu pamoja papo hapo kwenye simu. Video iliyo wazi kiasi cha 720p huvuta takriban megabiti 1.5 kila sekunde. Baiti moja ni biti nane, kwa hiyo mhadhara wa dakika 40, yaani sekunde 2,400, unakula karibu MB 450. Mihadhara miwili ni MB 900. Mhadhara huohuo ukishushwa hadi 360p unaweza kuwa MB 150, na ukichukua sauti peke yake ya kilobiti 48 haufiki MB 15. Mwalimu anayeongea tu mbele ya ubao usiosomeka msikilize kwa sauti. Anayechora vali za moyo, mtazame. Kama programu ina kitufe chake cha kupakua, chagua ubora kabla ya kubonyeza, kwa sababu mara nyingi kiwango kinachokuja chenyewe si cha chini.

Lakini kilichomtoa mashakani hasa si video. Ni programu ya bure iitwayo Kiwix. Inasoma mafaili ya aina ya `.zim`, ambayo ni tovuti nzima iliyobanwa ndani ya faili moja. Ukishalipakua, unatafuta neno na kufungua viungo kama uko mtandaoni, ilhali data umezima. Huna haja ya Wikipedia yote ya Kiingereza, ambayo pamoja na picha hupita GB 100. Imekatwa kwa masomo: tiba, kemia, fizikia, hisabati. Ya tiba pamoja na picha zake ni takriban GB 2.

Ukifungua orodha ya mafaili ya Kiwix utaona majina yanayofanana, na hapa ndipo watu hukosea. Jina lenye `maxi` ni makala kamili na picha. `nopic` ni makala kamili bila picha. `mini` ni utangulizi wa kila makala na lile jedwali la pembeni, basi. Mwishoni pana mwaka na mwezi wa kutengenezwa. Mimi mwanzo nilimchukulia `nopic` ili kubana matumizi, na nilijuta. Mwanafunzi wa uuguzi anayesoma habari za vipele vya ngozi bila picha amesoma nini? Kwa historia au uchumi `nopic` inatosha sana. Kwa anatomia lipa zile MB za ziada, utazilipa mara moja tu.

Jaribio la pili nalo lilinitia hasara. Nilipakua kwa kivinjari cha kompyuta ya dukani, mtandao ukapotea faili likiwa limefika GB 1.3, na uliporudi kikaanza sifuri. Hiyo GB 1.3 ikawa imeliwa bure. Sasa natumia `curl`, ambayo Windows 10 na 11 zinakuja nayo. Kwanza nauliza ukubwa, kabla hata ya kununua bando, nikiweka anwani ya faili pale palipoandikwa ANWANI:

```
curl.exe -L -I ANWANI
```

Kwenye majibu tafuta mstari wa mwisho wa `Content-Length`. Hiyo ni idadi ya baiti. Kisha napakua:

```
curl.exe -L -C - -O ANWANI
```

Ile `-C -` ndiyo dawa. Mtandao ukikatika, unaandika amri ileile kwenye folda ileile, nayo inaendelea pale ilipoishia. Mimi huiwasha usiku kwa bando la usiku, nikifika asubuhi duka lina faili.

Faili lililokatika katikati linaweza kuonekana zima kwa macho, kisha programu ikalikataa, au likafunguka na makala nyingine zikagoma. Kizingitini si mahali pa kugundulia hayo. Ukiongeza `.sha256` mwishoni mwa anwani ya faili utapata mstari mfupi wa herufi na tarakimu. Linganisha na hesabu ya faili lako:

```
certutil -hashfile faili.zim SHA256
```

Mistari miwili ikifanana, nakili kwenye kadi ya simu. Ikitofautiana hata kwa herufi moja, usimpe mtu.

Na kadi yenyewe ina mtego wake. Kijana mmoja aliniletea ya GB 32 akitaka faili la GB 6. Nafasi ilikuwepo tele, kompyuta ikadai haiingii. Kadi za ukubwa huo mara nyingi huja na mpangilio wa FAT32, ambao haukubali faili moja lifike GB 4. Tuliipanga upya kwa exFAT, baada ya kuhamisha picha za harusi ya dada yake, maana kupanga upya kunafuta kila kitu.

Kule kwao binti wa dada yangu alikuta wenzake wanne wa chuo, nao hawana bando. Kiwix ya Android inaweza kugawa kitabu kwa hotspoti ya simu: unachagua faili, simu inaonyesha anwani inayoanza na `http://192.168` na kuishia `8080`, wenzako wanajiunga na hotspoti na kuiandika kwenye vivinjari vyao. Hapo data haitumiki kabisa. Sharti moja tu: mwenye simu azime data ya mtandao. Siku ya kwanza alisahau, na simu za wenzake zilipoona wai-fai zikaanza kujisasisha kwa salio lake.

Kitu kimoja kilimchanganya. Alikuwa akitafuta kipimo cha dawa ya mtoto mwenye nimonia, akapata maelezo ya dawa, madhara yake, historia yake, ila si miligramu ngapi kwa kilo. Akadhani nimempa faili bovu. La. Wikipedia kwa kawaida huacha vipimo vya dawa makusudi, kwa sababu si kitabu cha maelekezo ya tiba. Vipimo vinatafutwa kwenye miongozo yenyewe. Shirika la Afya Duniani lina kitabu cha mfukoni cha kutibu watoto hospitalini, toleo la pili la 2013, na PDF yake ni ya bure; Wizara ya Afya yetu nayo ina kijitabu chake cha watoto. Nikamtumia vyote viwili kwenye kadi, kwa mashua iliyofuata.

Kwa yale yasiyopatikana kote huko nilimwambia aweke daftari. Badala ya kuwasha data kila swali linapozuka, aliandike, na siku akija mjini tuyatafute yote kwa pamoja. Mwezi wa nane alikuja na maswali 11. Tisa tuliyamaliza kwa bando la saa moja. Mawili yaliyobaki ni ya kumuuliza mwalimu wake.